Kuchonga tairi la lori au kulipeleka ritredi: vipimo vinavyoamua, kwa mfano wa matairi mawili

Wiki iliyopita niliyalaza chini matairi mawili ya nyuma ya lori letu linalobeba saruji kutoka Pongwe kwenda Segera na kwingineko. La kwanza lilikuwa limelika upande mmoja, kashata zake, yaani ule mpira wa juu unaokanyaga barabara, zimepungua mpaka mtu akilitazama anasema limekwisha. La pili lilikuwa zuri machoni, limelika sawasawa pande zote, na kipimo kikaonyesha limebakiwa na milimita 4. Dereva akaniambia, "Bosi, hili la pili ndilo la kuchonga, lile la kwanza tulitupe." Mimi nikaamua kinyume. Lile la kwanza likachongwa, la pili halikuguswa na wembe. Nataka nieleze kwa nini, maana hapa Tanga naona matairi mazuri yakiharibiwa kila mwezi kwa kuchongwa ovyo, na naona mengine yaliyostahili kuchongwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Tuelewane kwanza kuhusu kuchonga. Tairi la lori lina mifereji, na chini ya sakafu ya mifereji hiyo kuna tabaka la mpira kabla hujafika kwenye waya wa chuma uliomo ndani ya tairi. Tabaka hilo nitaliita mpira wa msingi. Katika baadhi ya matairi mtengenezaji ameliongeza unene makusudi, ili kashata zikikaribia kwisha, fundi apitishe wembe wa moto ndani ya mifereji ile ile na kuishusha chini zaidi. Hakuna mpira mpya unaoongezwa. Kinachofanyika ni kuufungua mpira ambao ulishaulipia siku ya kwanza ukabaki umefichwa. Ritredi ni kazi nyingine kabisa: kashata za zamani zinasagwa zote, kisha mpira mpya wenye kashata zake unabandikwa juu ya ganda, yaani mwili wa tairi unaobaki, ambao wengine huuita kesingi.

Wenye malori wengi huyapanga mambo haya mawili kama njia panda: ama uchonge, ama upeleke ritredi. Kwa tairi lililotengenezwa kwa ajili ya kuchongwa, mpangilio huo si sahihi, kwa sababu linaweza kuchongwa kwanza kisha likaenda ritredi baadaye. Lakini mchongo ukizama mno, ritredi ndiyo imekufa hapo hapo. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi siangalii tu nitapata kilomita ngapi leo. Naangalia ganda litabaki na hali gani baada ya kilomita hizo.

Ubavuni kabla ya kashatani

Tairi linaloruhusu kuchongwa huandikwa ubavuni neno REGROOVABLE kwa herufi kubwa. Matairi yaliyopitishwa kwa kanuni za Ulaya yanaweza kuwa na alama badala ya neno: umbo kama herufi U ya mviringo, midomo yake ya juu imekunjwa kwenda nje, yenye upana wa milimita 20 au zaidi. Futa tope, lowesha ubavu kwa kitambaa, angalia pande zote mbili. Alama ikikosekana, mjadala wa kuchonga umekwisha, hata tairi liwe limelika vizuri namna gani.

Hapo ndipo tairi langu la pili lilipoondolewa. Lilikuwa na milimita 4 safi, lakini ubavuni halikuwa na neno wala alama. Maana yake sina mtu aliyeniahidi kwamba chini ya ile mifereji kuna mpira wa kutosha. Huenda upo, huenda ni mwembamba sana. Kwa macho hakuna njia ya kujua, na njia pekee ya kujua kwa wembe ni kukata mpaka ukutane na waya, wakati ambao umeshachelewa.

Tairi la kwanza lilikuwa na neno lenyewe ubavuni, kubwa na wazi. Nikatafuta kijitabu cha mtengenezaji cha aina hiyo hiyo ya tairi na saizi hiyo hiyo. Humo kuna mambo matatu unayoyahitaji: uchonge kina gani chini ya sakafu ya sasa, kwa wembe wa upana gani, na ufuate mifereji ipi. Langu liliandikiwa kina cha milimita 3, na baada ya hapo zinabaki milimita 2 za mpira juu ya waya. Nikijumlisha, mpira wa msingi ni milimita 5.

Milimita 2 ndicho kiwango ambacho watengenezaji kama Michelin hukitaja. Kanuni ya Marekani ni kali kidogo: inataka mpira unaobaki juu ya nyuzi uwe angalau 3/32 ya inchi, yaani karibu milimita 2.4. Mimi huchukua 2.5. Tunafanya kazi kwenye kokoto, mkono wa fundi nao una tetemeko lake, kwa hiyo nusu milimita ya akiba siioni kuwa hasara.

Hesabu ya wembe, na mahali inapoharibikia

Hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome taratibu, kwa sababu karibu kila tairi lililochongwa likaonyesha waya ambalo nimeliona liliharibikia hapa.

Mashine ya kuchongea ina kichwa kinachotelezea juu ya uso wa tairi, na wembe unachomoza chini ya kichwa hicho. Kwa hiyo wembe haujui sakafu ya mfereji iko wapi. Unachokijua ni uso tu. Ukitaka kushuka milimita 3 chini ya sakafu, inabidi uuchomoze kwa kina cha kashata iliyobaki, kisha uongeze hizo 3. Kama kashata ni 3, wembe utachomoza 6.

Kwenye tairi lililolika sawa, hesabu hiyo haina tabu. Langu lilikuwa limelika upande. Nilipima kwa kipimo cha kina mahali kumi na mbili: mifereji mitatu, mara nne kila mmoja kuzunguka tairi. Mfereji wa katikati ulinipa 4.0 mahali pengi. Wa bega la nje 3.0. Wa bega la ndani, sehemu iliyolika kuliko zote, 2.5.

Fundi asiyejali atapima katikati, kwa sababu ndiko kipimo kinakoingia kwa urahisi. Ataona 4, ataongeza 3, ataweka wembe kwenye 7 na kuzunguka tairi zima. Mimi nilianza na namba ndogo kuliko zote, 2.5, nikaongeza 2.5 badala ya 3 kwa ajili ya ile akiba yangu, wembe ukawa 5. Tazama tofauti inayotokea juu ya waya:

| Mfereji | Kashata iliyobaki | Mpira wote juu ya waya | Unaobaki kwa wembe wa 5 | Unaobaki kwa wembe wa 7 |
|---|---|---|---|---|
| Bega la ndani | 2.5 | 7.5 | 2.5 | 0.5 |
| Katikati | 4.0 | 9.0 | 4.0 | 2.0 |
| Bega la nje | 3.0 | 8.0 | 3.0 | 1.0 |

Angalia ule mstari wa katikati. Kwa wembe wa 7, mfereji wa katikati umebakiwa na milimita 2 kamili, kama kijitabu kinavyotaka. Fundi akikuonyesha pale, atakuonyesha kazi safi. Kumbe bega la ndani limebakiwa na nusu milimita, na hilo jicho halilioni, kwa sababu mpira wa nusu milimita ni mweusi kama mpira wa milimita tatu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: namba ndogo kuliko zote ndiyo inayopanga wembe kwa tairi zima. Utapoteza kidogo katikati, kweli, maana pale ulikuwa na nafasi ya kushuka zaidi. Ila kabla ya kuisikitikia hiyo, tafuta kwa nini tairi limelika upande. Langu lilikuwa limekimbia muda mrefu na upepo pungufu kuliko pacha wake, lile lililofungwa sambamba nalo. Ukilichonga bila kurekebisha chanzo, bega lile lile litakwisha kwanza tena.

Kuna mambo mawili mengine yanayouzamisha wembe kuliko ulivyoupanga. Wembe hupata moto na skrubu zake hulegea, kwa hiyo kaza baada ya joto kupanda, si kabla tu. Na fundi akikandamiza mashine kwa nguvu, kichwa hudidimia kwenye mpira uliopata joto, wembe ukashuka zaidi ya ulipopimwa. Ndiyo maana mimi huomba kipande cha majaribio: akate sentimita tano kwenye mfereji mmoja, asimame, tuingize kipimo. Kama wembe umepangwa 5 na kipimo kinasoma 5.5, tunarudi kwenye skrubu. Hata kile kiukanda cha mpira kinachotoka usikitupe haraka. Unene wake chini ndiyo kiasi ulichotoa chini ya sakafu ya zamani. Kwenye bega la ndani changu kilitoka na milimita mbili na nusu, kama hesabu ilivyosema. Katikati kilitoka chembamba, kama milimita moja tu, na hapo nikajua mashine inatii.

Wembe wenyewe uwe wa mviringo chini. Ule wa pembe mraba huacha kona kali kwenye sakafu ya mfereji, na kwenye kona kali ndiko ufa unakoanza. Moto nao uwe wa kiasi: ukiona moshi mzito na mpira unanata, punguza, ukiona mpira unachanika badala ya kukatika laini, ongeza kidogo au badilisha wembe, umekuwa butu.

Kikizidi kina, tairi linakufaje

Miaka kadhaa nyuma nililipa somo hili kwa tairi langu mwenyewe. Lilichongwa na kijana kwenye kibanda kimoja barabarani, mimi nikiwa nimekaa kivulini nakunywa chai. Nilipolitazama lilipendeza, mifereji mirefu kama ya tairi jipya. Hakuna waya ulioonekana. Tukalifunga nyuma, likafanya kazi kiangazi chote bila malalamiko.

Masika ilipoanza, nikaona kwenye sakafu ya mfereji wa bega mistari ya rangi ya kahawia. Nikaisugua kwa kidole, ikabaki kwenye kidole. Ilikuwa kutu. Kokoto ndogo zilikuwa zimetoboa ule mpira mwembamba, maji yakaingia, na maji yakishafika kwenye waya hayakai pale pale. Yanatembea kwa kufuata nyuzi za waya ndani kwa ndani. Kutu inaondoa ule mshiko kati ya waya na mpira, na waya usioshikwa na mpira husuguana, ukapata joto, mshiko ukaachia zaidi. Mwisho wake ni uvimbe juu ya kashata, kisha siku moja ya jua kali na mzigo kamili, mkanda mzima unabanduka. Vipande vile vya mpira unavyovikuta vimetapakaa njia ya Segera, sehemu yake vimetoka hivyo.

Langu halikufikia kubanduka, nililitoa mapema. Nikalipeleka ritredi nikitumaini kuokoa ganda. Walipolisaga, mistari ya kutu ilikuwa imesambaa karibu theluthi ya mzunguko, wakalikataa. Nilipata kilomita chache za mchongo, nikapoteza maisha mazima ya ritredi. Hapa kwetu pwani, na chumvi ya hewa hii, kutu haihitaji kubembelezwa.

Dalili ni hizi, ukitaka kukagua tairi lililokwisha chongwa na mtu mwingine, hasa la mtumba. Weka tochi pembeni ya mfereji, si juu yake, uone kama sakafu ina mng'ao wa chuma au michirizi midogo inayokwenda mshazari; hiyo ni sura ya waya chini ya mpira mwembamba. Tafuta rangi ya kahawia. Pitisha kiganja kuzunguka tairi lenye upepo, usikie kama kuna mahali palipoinuka. Chochote kati ya hivyo kikipatikana, tairi litoke kazini. Kulipaka gundi au kulijaza mpira wa kubandika kwenye mfereji ni kuufunika waya uliokwisha lowa.

Sasa, uchonge au upeleke moja kwa moja?

Tairi langu la kwanza lilipokuwa jipya lilikuwa na milimita 15. Tukihesabu mpaka 1.6, pale vialama vya kwisha vinapokaa sawa na uso, lilikuwa na milimita 13.4 za kutumia. Kuchonga kumeniongezea 2.5 mahali palipolika zaidi, yaani karibu sehemu moja ya tano ya maisha yake ya kwanza. Michelin hutaja hadi asilimia 25 ya kilomita za ziada, kwa hiyo tuko katika mazingira hayo hayo, chini kidogo kwa sababu ya akiba yangu. Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye kipimo: tairi lenye kashata fupi huviringika kwa wepesi kuliko lenye kashata ndefu, na dizeli inajua. Ukichonga, unabaki kwenye kipindi hicho chepesi huku mifereji ikiendelea kutoa maji.

Ritredi inakupa kashata kamili, kina kikubwa mara kadhaa kuliko mchongo. Gharama yake pia ni kubwa zaidi, na tairi linakaa nje ya lori siku kadhaa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua bei uliyotajiwa, gawanya kwa milimita unazopata kweli, kwa kila njia. Mara nyingi milimita ya kuchonga ni ya bei nafuu sana, kwa sababu unalipa kazi ya mikono tu. Lakini weka upande wa pili wa mzani bei ya ganda. Kama fundi huyo hana kipimo cha kina kwenye meza yake, bei nafuu yake imeshakuwa ghali.

Na zile milimita mbili na nusu zinafanya kazi mara mbili. Fundi wa ritredi anaposaga, naye huacha mpira mwembamba juu ya waya. Mchongo uliobakiza mpira wa kutosha hupotea wote kwenye kusaga, ganda likatoka laini. Mchongo uliozama zaidi ya hapo hubaki kama makovu ambayo lazima yajazwe moja moja, ikiwa ganda halijakataliwa.

Barabara pia iamue. Lori letu la saruji linakaa kwenye lami, kwa hiyo nachonga. Rafiki yangu anayebeba mawe ya chokaa, na mwingine anayetoa mkonge mashambani, nawaambia wasichonge hata kama tairi limeandikwa. Jiwe kali lililobanwa kwenye mfereji huchimba kila mzunguko, na ukishautoa mpira wa msingi, limebakiwa na safari fupi kufika kwenye waya. Wao waende ritredi moja kwa moja, tena wapeleke mapema, kwenye milimita 4 hivi, kabla mawe hayajafika kwenye ganda.

Muda wa kuchonga ni kashata zikiwa kati ya milimita 3 na 4, kwenye sehemu iliyolika zaidi. Mimi nilichelewa kidogo kwa lile bega la 2.5. Ukisubiri mpaka tairi liwe kipara, fundi hana tena mfereji wa kuufuata, anachora wake kwa kukisia.

Na mahali pa kulifunga: nyuma, au kwenye tela. Usukani hapana. Marekani wanakataza tairi lililochongwa kwenye magurudumu ya mbele ya lori likiwa na uwezo wa kubeba kilo 2,232 au zaidi, kiwango ambacho matairi ya malori yetu makubwa huvuka kwa mbali. Mimi sihitaji sheria ya mbali kunishawishi. Nyuma lipo na pacha wake, likipasuka dereva ana nafasi ya kusimama. Mbele hana.

Tairi la kwanza sasa liko nyuma kushoto, upande wa nje, mahali ambapo utingo anaweza kuliona kila asubuhi bila kuinama sana. Nimemwachia chaki ya njano na kipimo, apime bega la ndani kila Jumamosi na kuandika namba kwenye daftari la gari. Likifika 2 linatoka, linakwenda kusagwa. La pili, lile zuri lisilo na alama, limeshaondoka juzi kwenda ritredi na milimita zake 4, na aliyelipokea alipitisha taa ndani na nje, akagonga ubavu, akasema ganda ni zima.